Kipa Aliyeacha Kupiga Kushoto

Mkwe wangu ni kipa. Uwanjani wanamwita Saa Mbovu, kwa sababu mpira ukiwa miguuni mwake anasimama tu, kaukanyaga, haendi mbele wala nyuma, utadhani betri zimemwishia. Watu wanapiga kelele, "Toa! Toa, wewe!" Yeye kimya. Anamngoja adui asogee. Ndiyo kazi yake hiyo, na zamani aliijua vizuri, nisimnyime haki yake. Mengine yote nitamnyima.

Mimi nafua jezi za timu, mwaka wa ishirini na mbili huu. Chumba changu cha kufulia kiko nyuma ya goli la upande wa matangi ya maji. Kina dirisha moja la nondo, na nje kuna kamba sita za kuanikia. Kutoka kamba ya kwanza mpaka wavu wa goli ni hatua kumi na tano. Kwa hiyo mtu asinifundishe mpira. Shule niliishia darasa la pili, waliona sifai na mimi nikaona hawafai, tukaachana kwa amani. Lakini macho ninayo, na masikio ninayo. Hasa masikio.

Mwanangu wa kiume alikuwa beki wa kati, upande wa kushoto, jezi namba tano. Yeye na huyo Saa Mbovu walikua pamoja, wanakula sahani moja nyumbani kwangu, wananimalizia sukari. Halafu Saa Mbovu akamwoa binti yangu. Sikuulizwa. Ningeulizwa ningesema hapana: kipa ni mtu wa kusubiri, na binti yangu nilimtakia mtu wa kutenda.

Mwanangu ndiye aliyenifafanulia mambo. Jioni moja alimwaga vibanio vyangu vya nguo juu ya meza, vya mbao upande huu, vya plastiki upande ule.

"Mama, tazama. Hawa wametukabia juu. Wamepanda wote mpaka karibu na goli letu, kila mmoja kashika mtu wake. Kumi kwa kumi. Tunatokaje?"

"Mnabutua mbele," nikasema.

"Tukibutua, mpira unarudi. Hesabu tena. Kipa wao yuko wapi?"

"Golini kwao huko, anajikuna."

"Eeh! Na wa kwetu?" Akachukua kibanio kimoja, akakisogeza katikati ya mabeki. "Wa kwetu anacheza. Sasa sisi ni kumi na mmoja, wao kumi. Mmoja wetu yuko huru. Kila mara, mama, lazima awepo mmoja aliye huru. Saa Mbovu anasimama na mpira mpaka mtu achoke kumtazama na kumfuata. Anayemfuata kamwacha mtu wake. Basi, mpira unakwenda kwa huyo aliyeachwa."

"Na kama hawamfuati?"

"Atatembea nao mpaka sokoni."

Tulicheka. Nikamwambia arudishe vibanio vyangu kwenye kikapu, asivipoteze.

Alikuwa na tabia yake, huyo mwanangu. Akitaka mpira hapigi kelele. Anasimama kwenye kona ya boksi, kushoto, kajifungua mwili nusu kuelekea mbele, anajipiga paja mara mbili. Pa, pa. Hapo Saa Mbovu hata hatazami. Anampa, mpira mkali, mguuni kwa nje, mguu ulio mbali na goli, ili apokee huku tayari anatazama mbele. Miaka tisa walifanya hivyo. Mimi nikianika soksi nilikuwa nasikia pa, pa, kisha mlio wa mpira, na nilijua bila kugeuka kwamba watu wangu wamesalimika.

Siku ile hakumpa hivyo.

Niliona kila kitu, maana nilikuwa naanika shuka la madaktari wa timu. Wapinzani wamepanda, mwanangu kapiga paja, pa, pa. Saa Mbovu akangoja. Akangoja pumzi moja zaidi ya ile ya kungoja. Alipotoa, mshambuliaji wao alishaanza kukimbia, na mpira ulikwenda polepole, tena mguuni kwa ndani, ule ulio upande wa goli. Ikabidi mwanangu ageukie goli lake mwenyewe kuufuata mpaka karibu na nguzo. Hakuona anayekuja. Waligongana, akaiangukia nguzo kwa kichwa. Ule mlio sitausimulia.

Siku mbili hospitali, ya tatu tukazika.

Saa Mbovu alikuja nyumbani akapiga magoti sebuleni. "Mama, nisamehe." Nikamwambia, "Inuka, unanichafulia mkeka." Ndiyo jibu alilopata, na mpaka leo sijaongeza neno.

*

Kuanzia hapo hakupiga tena kushoto. Mpira ukimfikia, anaubutua. Juu, mbali, popote. Na mipira ya goli hivyo hivyo. Siku hizi sheria inaruhusu beki kuupokea ndani ya boksi, wapinzani wakingoja nje mpaka upigwe, lakini yeye anawafukuza mabeki wote kwa mkono, "Pandeni! Pandeni!" kisha anaupeleka mawinguni. Kocha wa wakati ule alikuwa mtu wa huruma, akamwacha.

Mwezi mmoja baada ya mazishi, asubuhi, nilikuwa naanika. Uwanja mtupu. Mkata nyasi hajafika, geti limefungwa kwa mnyororo, ufunguo nilikuwa nao mimi kiunoni. Nikasikia nyuma yangu.

Pa, pa.

Nikasema ni shuka linapigwa na upepo. Nikayatazama mashuka, yamening'inia yametulia kama yamechoka. Upepo hakuna.

Pa, pa.

Nikageuka. Boksi tupu. Umande ulikuwa umelala uwanja mzima, mweupe, kama mtu kanyunyiza unga. Isipokuwa pale kwenye kona ya boksi, kushoto. Pale palikuwa na sehemu mbili kavu, ndogondogo, moja mbele kidogo ya nyingine. Ukubwa wa nyayo. Ndivyo alivyokuwa akisimama, kajifungua nusu.

Sikupiga yowe. Nipige yowe la nini, mwanangu mwenyewe? Niliingia ndani nikakaa juu ya ndoo.

Baada ya hapo nilikuwa nawahi kila asubuhi. Siku nyingine kimya. Siku nyingine pa, pa, na nyayo kavu kwenye umande. Mara moja nilizikanyaga. Zilikuwa na joto, kama mahali mtu ameinuka sasa hivi. Sikurudia. Na sikumwambia mtu, hata binti yangu. Niliona ni wangu. Nilinyang'anywa mwana, nimeachiwa hiki, nigawane na nani?

*

Mwaka ulipopita akaletwa kocha mpya. Mfupi, sauti kama msumeno, kila kitu anakichora kwa chaki. Siku ya pili tu akamwita Saa Mbovu mbele ya wenzake.

"Wewe mipira yako inakwenda kwa nani?"

"Mbele, kocha."

"Mbele kwa nani? Washambuliaji wetu wafupi kama mimi. Mabeki wa watu wanairuka mipira yako kama wanachuma mapapai. Kuanzia leo tunaanzia nyuma. Wewe ni mchezaji wa kumi na moja, siyo mlinzi wa geti."

Wenzake wakacheka. Yeye akatazama viatu vyake.

Wakaanza mazoezi pale pale mbele ya kamba zangu. Upande wa kushoto sasa alikuwa anacheza kijana mrefu wanamwita Twiga, mtoto mzuri, isipokuwa soksi zake zinanuka kuliko za wote. Kila Saa Mbovu akipata mpira, mshambuliaji wa mazoezi anamwacha Twiga na kumfuata. Twiga yuko huru, kipofu angemwona. Twiga anapunga mikono, "Kaka, hapa! Kaka!" Saa Mbovu anageuza uso kushoto, na nilimwona rangi inamtoka. Anapiga kulia. Kulia wamejaa. Mpira unapotea.

Mara ya nane kocha akapuliza filimbi mpaka ikakwaruza.

"Una ugomvi na Twiga?"

"Hapana, kocha."

"Ana ukoma?"

"Hapana."

"Basi sikiliza. Timu zote zimeshajua hupigi kushoto. Anayemkaba Twiga anamwacha bila woga, anakujia wewe moja kwa moja, kwa sababu anajua mtu anayemwacha hapewi. Umewapa mtu wa bure! Sisi tulikuwa na mmoja wa ziada, sasa wao ndio wanaye. Jumamosi ukishindwa kumpa aliye huru kushoto, nakutoa hapo hapo, na hutarudi golini mimi nikiwa hapa. Una miaka thelathini na nne, hakuna timu itakayokuokota. Tumeelewana?"

Walielewana. Mimi pia nilielewa, na sikuona uchungu wowote. Nilisema moyoni, na iwe.

Siku iliyofuata alikuja chumbani kwangu kabla ya mazoezi. Akasimama mlangoni, haingii. Tangu mazishi haingii mpaka nimwambie, na mimi simwambii.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Leta hizo glavu, weka kwenye ndoo ya bluu."

Akaziweka. Hakuondoka.

"Mama, naomba nikuambie kitu. Usinicheke."

"Sijacheka mwaka mzima, nitaanza na wewe?"

Akashusha sauti. "Yuko pale. Kushoto. Nikipata mpira namsikia anapiga paja. Nikigeuka, Twiga simwoni vizuri, naona kama moshi mbele yake. Najua hakuna mtu. Najua. Lakini anauomba mpira, mama, na mimi mguu unaganda. Mara ya mwisho nilimpa, unajua ilivyokuwa." Mikono yake mikubwa ilikuwa imelowa maji ya ndoo. "Mke wangu anasema nina uchovu. Mimi nafikiri nimeanza kurukwa na akili. Wewe uko hapa kila siku. Hujawahi kusikia kitu?"

Kumbe na yeye. Nilihisi wivu, nasema kweli yangu. Wivu mkali kama wa mke mwenza. Nilidhani mwanangu anakuja kwa ajili yangu.

"Sijasikia kitu," nikasema. "Nenda kwa daktari wa vichwa."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepewa majibu ya kipimo. Akaondoka. Nilizifua zile glavu mpaka nikazichuna.

Jioni binti yangu akaja, kavimba macho. "Mama, mume wangu halali. Anasema Jumamosi ndiyo mwisho wake. Mpira ndiyo kitu pekee anachokijua. Mwambie japo neno moja jema, anakuogopa kuliko kocha."

"Neno gani?"

"Lolote! Mwaka mzima unamwambia leta glavu, peleka glavu!"

"Basi nimeongea naye sana," nikasema.

Akanitazama. "Nilipoteza kaka, mama. Si wewe peke yako uliyefiwa." Akachukua kanga yake akatoka bila kuniaga.

*

Jumamosi alasiri, uwanja umejaa. Kipindi cha kwanza walilinda goli la mbali, sikuona vizuri, lakini nilisikia. Kila watu wakiguna "aaah" nilijua kabutua. Dakika ya thelathini wapinzani wakaurudisha mpira wa namna hiyo, wakafunga. Moja bila.

Kipindi cha pili wakabadilisha magoli, akaja upande wangu. Nilimwona kocha ukingoni anamwonyesha vidole vitano. Dakika tano. Nyuma ya kocha kipa wa akiba tayari anavua traksuti.

Nilikuwa nimesimama kwenye kamba ya kwanza, vibanio mdomoni. Sikumwombea mema. Andikeni hivyo hivyo.

Mpira ukaanzia kwa beki wa kulia wa kati. Wapinzani wakapanda wote, kila mmoja kashika wake, kama vile vibanio mezani. Beki akabanwa, akaurudisha kwa kipa. Kwa miguu amerudishiwa, kwa hiyo kuushika kwa mikono haruhusiwi. Saa Mbovu akaukanyaga. Akasimama.

Mshambuliaji wao, mmoja mwenye kipara kinachong'aa, alikuwa kamshika Twiga. Akamtazama Saa Mbovu, akatabasamu, akamwacha Twiga na kuanza kuja. Twiga huru. Alikuwa pembeni kabisa, karibu na mstari, na kwa woga alishachoka hata kupunga mkono.

Na hapo ikaja.

Pa, pa.

Haikutoka kwa Twiga. Ilitoka kwenye kona ya boksi, hatua nyingi ndani zaidi kuliko alipo Twiga, mahali palipo wazi, nyasi tupu. Uwanja mzima unapiga kelele, na bado niliisikia kama iko ndani ya sikio langu. Kipara naye alisikia. Naapa. Aligeuza kichwa upande ule, katikati ya mbio, kama mtu aliyeitwa jina.

Saa Mbovu akageuka nyuma. Hakumtazama kocha. Alinitazama mimi, kupitia nyavu, hatua kumi na tano. Vibanio vikanidondoka mdomoni vyote. Aliviona vinaanguka.

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Ningenyamaza, angebutua, wangemtoa, nami ningebaki na asubuhi zangu. Nililiwaza hilo, tena kwa raha. Lakini ikapigwa tena, pa, pa, kwa haraka, vile alivyokuwa anapiga akiona mpira unacheleweshwa. Mwanangu alikuwa anaomba mpira. Nani mwingine wa kumpa?

"Mpe," nikasema. Halafu nikapaza, "Mpe, wewe! Mguu wa nje!"

Akampa.

Ulikuwa mpira mkali, wa chini, mguu wa nje wa mtu asiyekuwepo. Kipara alikuwa amefika hatua mbili tu, angenyoosha mguu angeukata. Hakunyoosha. Alipinda mwili, akazunguka kitu, vile unavyozunguka mtu njiani ili usimgonge bega. Mpira ukafika pale kwenye kona ya boksi. Nilikuwa natazama. Ukapunguza mwendo, kama umewekewa unyayo juu. Kisha ukaenda pembeni, taratibu, mguuni kwa Twiga, ambaye alishageuka anatazama mbele.

Mabingwa wa jukwaani watakuambia kuna kichuguu cha nyasi pale. Mimi uwanja huo nautazama kila siku ya Mungu. Kichuguu hakuna.

Twiga akaenda nao. Mbele yake peupe. Winga wao akalazimika kumwacha beki wa kushoto ili amzuie Twiga, Twiga akampa huyo beki, beki akampata kiungo, na wote waliokuwa wamepanda kutukaba wakawa nyuma wanakimbilia goli lao. Pasi nne kutoka kwa kipa mpaka wavuni. Moja moja.

Uwanja ukalipuka. Saa Mbovu hakushangilia. Alikuwa amesimama anaitazama kona ya boksi, mkono umeinuka nusu, kama anaaga mtu au anamshukuru.

Kipa wa akiba akavaa tena traksuti. Mpaka filimbi ya mwisho mkwe wangu alipiga kushoto mara kumi na moja, kwa Twiga, moja kwa moja, bila moshi wowote. Ilipofika ya sita Kipara akaacha kumfuata, akabaki kwa Twiga. Saa Mbovu akatembea na mpira mpaka katikati ya uwanja wake, hakuna wa kumgusa. Kasoro soko tu.

*

Asubuhi nikawahi kuliko siku zote. Nikafungua mnyororo, nikaenda kwenye kamba, nikasubiri. Kimya. Nikatazama umande. Ulikuwa umelala uwanja mzima, mweupe, na kwenye kona ya boksi pia. Sawasawa kabisa. Hakuna nyayo.

Nilikwenda nikapagusa kwa kiganja. Baridi, kama nyasi nyingine yoyote.

Nilikuwa bado nimeinama Saa Mbovu aliposema nyuma yangu, "Mama, shikamoo. Leo simsikii."

"Najua," nikasema.

Neno limeshatoka.

"Kwa hiyo ulikuwa unamsikia," akasema. "Mwaka mzima. Na ukaniacha nijione mwendawazimu."

Nikainuka, nikajifuta umande kiganjani. Aliniulia mwanangu kwa pumzi moja, nikamlipa kwa mwaka. Na jana kamchukua mara ya pili, tena safari hii kwa mdomo wangu mimi. Sijamsamehe, na sidhani kama na yeye alinisamehe asubuhi ile. Uso wake nilipouona ulikuwa mgumu, wa mtu mzima, sijawahi kuuona. Niliuheshimu.

Tukarudi mpaka chumbani. Kulikuwa na shuka kubwa la madaktari kwenye beseni, limelowa, zito, peke yangu siku hizi siliwezi. Alisimama mlangoni kama kawaida yake.

"Utasimama hapo mpaka lini?" nikamwambia. "Ingia. Shika upande huo, tukamue."

Akaingia, akashika.